Daktari wa Asilimia 100

Mama huu ni mwaka wake wa nne wa kuweka matone ya presha ya macho. Jicho la kushoto upande wa pembeni lilishakwenda; ukimjia kwa upande huo hajui kama upo mpaka umguse bega. Mwezi uliopita mdogo wangu akamwonyesha kwenye simu ukurasa wa daktari wa hospitali moja binafsi hapa Dar. Mama akaomba asomewe taratibu, halafu asomewe tena.

“Miongoni mwa madaktari bora kabisa wa macho Afrika Mashariki, mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 20, aliyewarejeshea maelfu ya wagonjwa nuru ya macho kwa teknolojia ya kisasa na mafanikio ya asilimia 100.” Chini yake magonjwa anayotibu: mtoto wa jicho, presha ya macho, macho ya wenye kisukari.

“Kwa hiyo hili la kushoto analirudisha?” Mama akauliza.

Tulikwenda. Tukalipa hela ya kumwona bingwa, tukasubiri saa mbili na nusu. Daktari mwenyewe, kusema kweli, ni mtu muungwana sana. Alimpima, akavuta kiti karibu, akamwambia kwa upole kwamba kilichopotea hakirudi, na matone anayotumia ndiyo hayohayo aendelee nayo. Mama akamshukuru. Njiani hakusema neno mpaka Ubungo.

Nimekasirika, na hasira yangu siyo kwa daktari. Ni kwa ile aya.

Mtoto wa jicho ni lenzi iliyofanya ukungu. Inatolewa, inawekwa ya bandia, na wengi wakifunguliwa bandeji kesho yake wanaanza kutambua nyuso za wajukuu. Hapo neno “amewarejeshea nuru” halina ugomvi nami. Presha ya macho ni habari nyingine. Kinachokufa ni mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na ukishakufa hakuna anayeufufua, awe wa Muhimbili au wa ng'ambo. Matone, leza, upasuaji, vyote kazi yake ni moja: kushusha presha ili kilichobaki kibaki. Sasa chukua sentensi iliyo kweli kwa ugonjwa wa kwanza, itandaze juu ya orodha yenye magonjwa yote mawili. Hakuna aliyesema uongo, lakini mama yangu kadanganywa.

Na ile “asilimia 100”! Daktari wa upasuaji ambaye hajawahi kupata tatizo hata moja, ama hajapasua, ama hafuatilii wagonjwa wake wakishatoka.

Najua aya hizi zinavyopikwa kwa sababu nami nimezipika, kwa ujira. Mwaka 2021 niliandika kurasa za madaktari wa hospitali moja (siyo hii). Unaletewa wasifu wa kazi wa kurasa tisa, picha, na ofisa masoko anayetaka “kitu chenye mvuto”. Mmoja wao alianza udaktari 2001, akamaliza 2006, akapata ubingwa wa macho 2013. Nikaambiwa niandike “uzoefu wa miaka 20”. Hesabu hiyo inatimia tu ukianzia siku aliyoburuta tranka kuingia bwenini. Ubingwa wake ulikuwa wa miaka minane, nayo si michache hata kidogo! Nikaandika 20. Baadaye daktari akanisimulia, anacheka, kwamba bibi mmoja aliingia chumbani, akamtazama, akasema, “Mwanangu, niitie yule wa miaka ishirini.”

Dawa ya hili ni nyepesi: usiandike idadi ya miaka, andika “daktari bingwa wa macho tangu 2013”. Idadi inachacha, maana hakuna anayerudi kuibadilisha kila Januari. Mwaka hauchachi, na mgonjwa anajihesabia mwenyewe.

Halafu neno “daktari wa macho” lenyewe. Kwetu hapa linabeba watu watatu: optometrista anayekupimia miwani, daktari msaidizi aliyesomea macho na kufundishwa kupasua mtoto wa jicho, na bingwa aliyesoma udaktari miaka mitano, akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha akarudi chuoni kwa ubingwa. Wote wanahitajika. Mikoani wako wazee wengi wanaosoma leo kwa mkono wa huyo wa pili, na wala simdharau. Ila mgonjwa ana haki ya kujua anamwona yupi kabla hajalipa. Herufi zilizopangwa mbele ya jina, MD, MMed, na nyingine zinazofuata, hazimwambii Mama kitu. “Mwanachama wa chama fulani cha kimataifa” nako mara nyingi ni ada ya mwaka tu. Na “mafunzo India” yanaweza kuwa mwaka mzima wa kupasua, au wiki mbili za kusimama nyuma ya mtu anayepasua. Andikeni muda.

Yule wa 2013, leo ningemwandika hivi:

“Dkt. Fulani ni daktari bingwa wa macho. Alihitimu udaktari mwaka 2006 na ubingwa wa macho mwaka 2013. Amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Upasuaji anaoufanya zaidi ni wa mtoto wa jicho. Wenye presha ya macho huwapima, huwapa matone, na panapohitajika huwafanyia upasuaji wa kushusha presha. Matibabu haya hulinda uoni uliobaki, hayarudishi uliopotea. Hafanyi upasuaji wa retina. Wagonjwa hao huwaandikia rufaa. Yupo kliniki Jumanne na Alhamisi, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana.”

Hakuna “bora”, hakuna “maelfu”. Jina la baraza nimeliweka kwa sababu hapo mtu akiwa na shaka ana pa kuulizia. Kwenye “miongoni mwa madaktari bora” utaulizia wapi? Na sentensi ya retina ndiyo ofisa masoko angeikata kwanza. Kwangu ndiyo inayonifanya niziamini zile nyingine, maana anayekutajia asichofanya huna haja ya kumvizia kwenye anachofanya.

Haya, nikubali kidogo. Hospitali binafsi ina mikopo ya mashine na mishahara ya kulipa, na jirani yake akiandika “nambari moja” ni vigumu yeye kuandika “yupo Jumanne na Alhamisi”. Na wapo wagonjwa wanaotaka kusifiwa daktari wao, kama tunavyotaka fundi asifiwe kabla ya kumpa kitambaa. Nimeelewa. Kitambaa kikiharibika unanunua kingine.

(Nani, jamani, aliyeamua kila daktari apigwe picha na stethoskopu shingoni? Huyu ni wa macho. Anasikiliza nini?)

Wiki iliyopita niliwapigia. Nikamwomba dada wa masoko wafanye jambo moja tu, watenganishe presha ya macho na ile sentensi ya kurejesha nuru. Alinisikiliza vizuri, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa wasiwasi wa kweli, “Kwa hiyo kaka, tuandike kwamba hatibu?”

Nikamwambia aandike kwamba anazuia lisiendelee. Akasema hilo litabidi lipelekwe kwenye kikao.

Mama bado anaweka tone lake saa mbili usiku. Ameniomba nimtafutie siku za kliniki za yule daktari, maana alimpenda. Kwenye tovuti hazipo.