Digrii 98 za Bukavu

Kwa kuwa rafiki yangu ameshawatangazia kwenye grupu kwamba nimefukuzwa mkahawani na birika mkononi, naomba na mimi niseme. Sikufukuzwa. Birika, sawa, lilikuwepo.

Barua mnaijua, maana kawatumia picha yake. Niliomba kujifunza kazi ya kutengeneza kahawa. Pale kwenye kinu ni kweli tupu: nyumbani Kadutu natwanga buni iliyokaangwa, nachekecha kwa chujio la chai kutoa ule unga laini unaoleta uchungu, halafu natia gramu 15 kwa mililita 250 za maji. Ningeishia hapo. Ila barua ilikuwa fupi, na mtu ana lisansi! Nikaongeza: "Maji huyafikisha digrii 98 kamili, kwa kipimajoto." Kipimajoto cha kwetu ni cha homa. (Hizo 98 nilizitoa kwenye video. Tuendelee.)

Mama mwenye mkahawa akasoma mbele yangu, akavua miwani.

"Papa, nionyeshe hizo 98."

Akawasha gesi, akanipa birika na kipimajoto kirefu cha chuma.

Themanini. Tisini. Nikasimama kitaalamu, mkono mmoja mgongoni. Tisini na tatu, nne, tano. Maji yakachemka. Bado 95. Nikaongeza moto, mfuniko ukaanza kucheza ndombolo, 95. Nikagonga kipimajoto kwa ukucha. Nikakitoa, nikakipuliza, nikakifuta kwa shati la kuazima, nikakirudisha taratibu. 95. Wateja wakageuza viti. Uso umelowa, sijui ni mvuke, sijui jasho.

"Mama, nafikiri kipimo chako kimekufa."

Ndiyo, nilisema hivyo. Chekeni.

"Kipimo ni kizima. Hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Kila ukipanda mita kama 300, maji yanachemka digrii moja chini. Ya Bukavu yanaishia 95, hata uwashe makala ya Kadutu yote. Wewe hizo 98 unachemshia wapi, Kindu?"

Nikanyamaza. Akarudi juu ya barua, kidole kikitafuta mstari.

"Na lisansi yako ni ya nini?"

Nikajaribu kukohoa. Hakukohoka.

"Fizikia, mama."

Mzee mmoja kahawa ilimtokea puani. Rafiki yangu alikuwa mlangoni, amenisindikiza eti kunitia moyo. Yaliyobaki mmeyasikia kwake.

Kwa kifupi: mama akasema 95 inaitosha kabisa kahawa, akaniambia nitengeneze kwa maji yaleyale. Akaonja, akauliza habari za chujio la chai. Jumatatu naanza, kuosha vikombe kwanza. Barua kaibandika juu ya sinki, 98 imezungushiwa wino mwekundu, na huyo rafiki yangu ameanza kupitapita pale kuomba maji ya kunywa. Anayataka ya digrii 98.