Tifoide ya Dola 60

Leo mityuweli yetu ya afya, lile sanduku tunalochangia wote ili litulipie matibabu, imepandisha mchango, na inaonekana kosa ni langu. Katika mkutano katibu alisoma matumizi ya mwaka, akafika kwenye "ekografi", ile picha ya ndani ya tumbo, akanyanyua macho akaniangalia. Watu wazima mia moja wakageuka kuangalia tumbo langu.

Nijitetee. Siku niliyougua, asubuhi nilikuwa bado mtu wa heshima. Nilikuwa soko la Kadutu, nimeinama juu ya beseni la samaki wadogo, sambaza, nikanusa, nikawaangalia macho. Mama akataja bei. Nikacheka kile kicheko cha mtu mwenye maharage nyumbani, nikageuka. Hatua tatu tu, akaita: "Papa, rudia, tusikilizane!" Hapo ndipo Bukavu inanijua.

Mchana homa ikanishika. Heshima ikabaki sokoni na sambaza.

Kituoni msichana wa mapokezi hakuuliza ninaumwa nini. "Papa, unalipa mwenyewe ao uko na mityuweli?" Nikatoa karata polepole, kama waziri. Uso wake ukang'aa hata mimi nikaogopa.

Dokta akanigusa paji la uso, akaanza kuandika. Damu ya kutafuta palu, yaani malaria. Widali ya kutafuta tifoide. Mkojo. Choo. Ekografi.

"Ekografi ya nini, Dokta?"

"Tuhakikishe."

Sasa hapo utajibu nini? Sambaza ninanusa. Ini langu nimetembea nalo miaka 52, hatujawahi kuonana. Niseme "niondolee mkojo, unibakizie choo"? Anayeniambia ninahitaji nini ndiye anayeniuzia, na hata nikipona sitajua kama dawa ndiyo iliyoniponya au homa ilichoka yenyewe. Nikaamua kutumia ujuzi wa Kadutu. Nikasimama, nikageuka kuelekea mlangoni. Hatua ya kwanza, ukuta ukasogea. Ya pili, nikamshika muuguzi begani nikidhani ni kiti. Ya tatu sikuipiga. Hakuna aliyeniita nirudi. Nilirudishwa kwa machela.

Palu hakuna, Widali pozitivu. Siku tatu za seromu. Fakitire: dola 60.

Mityuweli inalipa asilimia 80, kwa hiyo mimi nilitoa dola 12, na nakiri nilitoka ninapiga mluzi. Vitu vya dola 60 kwa 12! Dokta alifurahi, mimi nilifurahi, na mwenye kulipa zile 48 hakuwa chumbani. Ningelipa zote mwenyewe, ningeuliza hiyo ekografi iliona nini.

Iliona ini. Liko.

Shangazi yangu, muuguzi mstaafu, aliposikia alipiga kofi paja lake. "Widali moja tu?" Kumbe kipimo hicho hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta alama ambazo mwili uliacha ulipopigana naye. Tifoide ya zamani inaweza kukiwasha, na palu pia, na huku kwetu nani hajapita humo? Kipimo kimoja hakikati shauri. Inafaa kurudia baada ya siku kumi au kumi na nne kuona kama namba zimepanda sana, au bora zaidi kuotesha damu labo na kumkamata mdudu mwenyewe. Lakini Widali ni rahisi, inatoka haraka, na inalipiwa. Halafu shangazi akasema kitu kilichoniudhi zaidi: dokta huenda hakudanganya. Naye hakuwa na uhakika, na kuhakikisha kwa pesa za mtu mwingine hakumuumizi yeyote mle chumbani.

Mwanangu anayesoma uchumi akasema hilo si jipya: Mmarekani mmoja, Kenneth Arrow, aliliandika mwaka 1963. Ugonjwa hauna tarehe kama karo, bidhaa huwezi kuionja kabla, kwa hiyo tunamtarajia dokta asijiendeshe kama muuzaji. Nikamuuliza kama Arrow alichangia mityuweli. Akaenda kulala.

Jirani yangu naye alijiandikisha mke akiwa na mimba ya miezi minane, akiwa hajachanga hata faranga walipokuwa wazima. Sasa sheria mpya: nyumba nzima iingie pamoja, na kungoja miezi mitatu. "Mimba itangoja?" akauliza. Lakini ni ekografi yangu iliyosomwa kwa sauti!

Jioni nimerudi kwenye cherehani yangu, nani anaingia? Dokta, na suruali yenye zipu iliyokwama. Nikaigeuza ndani nje. Nikaguna. "Zipu ni dalili tu, Dokta. Tuangalie na bitana, na mkanda wote. Tuhakikishe."

Akachukua suruali, akageuka. Hatua moja, mbili, tatu, amenyooka kabisa, hana hata homa.

"Dokta, rudia, tusikilizane!"

Amenilipa dola moja, noti imechanika kidogo pembeni. Nimezunguka nayo mpaka giza. Wa unga ameikataa, wa makala ameikataa, na yule wa krediti ya simu ameinyanyua kwenye taa, akaitazama mbele na nyuma, akaniuliza imeugua tangu lini.