Waraka mpya ukifika katikati ya zamu, mama aliyeshaanza dawa afuate upi?

Katika wodi za wazazi kuna jambo linalonikera kwa muda mrefu. Mwongozo wa kazi unabadilishwa, karatasi mpya inabandikwa ukutani saa 9 alasiri, kundi la watsapu la wodi linapata picha yake, na chini pameandikwa tu: "Utekelezaji uanze mara moja." Mara moja kwa nani? Kwa mama atakayeingia mlangoni jioni hii, au pia kwa yule aliyelala kitanda cha tatu ambaye amechomwa sindano tangu mchana?

Nitatumia dawa moja tu, magnesiamu salfeti, kwa sababu hapo ndipo swali hili linapouma kweli. Ndiyo dawa ya kuzuia na kutibu degedege kwa mama mwenye kifafa cha mimba au aliye kwenye hatari ya kukipata. Kuna njia mbili zinazojulikana za kuitoa. Njia ya Pritchard huanza na gramu 4 za mshipa, polepole, kisha gramu 10 za msuli, yaani gramu 5 kila tako. Baada ya hapo mama huchomwa gramu 5 za msuli kila baada ya saa 4, ukibadilisha tako. Njia ya Zuspan nayo huanza na gramu 4 za mshipa, lakini haina sindano za tako: mama anaendelea na dripu ya gramu 1 kwa saa. Zote mbili huendelea mpaka zitimie saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, kutegemea lipi lilichelewa.

Zote mbili ni sahihi. Utafiti mkubwa wa Magpie uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, uliruhusu dozi ya kuendeleza itolewe kwa msuli au kwa mshipa, na dawa ilipunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo hospitali inapohama kutoka sindano kwenda dripu, mara nyingi ni kwa sababu imepata pampu za kutosha, au kwa sababu sindano za tako zinauma na huweza kutunga usaha. Njia ya zamani haijageuka sumu saa 9 alasiri. Kwa maoni yangu hilo ndilo la kwanza kujiuliza: mwongozo umebadilishwa kwa sababu wa zamani unadhuru, au kwa sababu mpya una nafuu zaidi?

Sasa tuchukue wodi yenye mama wawili. Mama wa kwanza alipewa dozi yote ya kuanzia saa 6 mchana, mshipa na matako yote mawili. Sindano yake inayofuata ni saa 10 alasiri. Saa 9 waraka unabandikwa. Muuguzi mwenye bidii anausoma na kumtundikia dripu ya gramu 1 kwa saa. Saa 10 mwenzake anakuja na trei, anafungua karatasi ya dawa ya mama, anaona gramu 5 za msuli hazijafutwa, anachoma na kuweka saini. Hakuna aliyevunja agizo. Kila mmoja ametii karatasi iliyo mbele yake. Kufika saa 2 usiku mama amepokea gramu 5 za dripu na gramu 5 za msuli, mara mbili ya alichostahili kwa njia yoyote ile, juu ya dawa ya mchana ambayo bado ilikuwa inanyonywa kutoka kwenye msuli. Na nimewahi kusikia mtu akiuliza kwa nia njema kabisa, "Sista, waraka unaanza na gramu 4 za mshipa, nimpe kwanza?" Hiyo ingekuwa dozi ya kuanzia mara ya pili.

Magnesiamu ikizidi, mwili unasema kwa mpangilio. Goti linaacha kuruka ukiligonga kwa nyundo. Mkojo haupunguzwi na dawa, lakini ukipungua chini ya mililita 30 kwa saa dawa inajilimbikiza, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa. Kisha pumzi zinashuka chini ya 16 kwa dakika, na hapo mtu anatakiwa kuwa ameshasimamisha dawa, ameita daktari na ana kalsiamu glukoneti mkononi, gramu 1 ya mshipa polepole, na mfuko wa kusaidia kupumua pembeni.

Msimamo wangu kwa mama huyu wa kwanza ni kwamba abaki na sindano zake mpaka saa 24 zake ziishe, labda daktari aandike kwa jina lake, kwenye faili lake, kwamba anahamishwa. Akihamishwa, dripu ianze saa ileile sindano ilipotakiwa, yaani saa 10, si saa 9, na bila dozi nyingine ya kuanzia.

Mama wa pili ndiye anayenifanya nikatae kanuni rahisi ya "aliyeanza amalize na ya zamani." Yeye alimaliza gramu 4 za mshipa dakika chache kabla ya waraka kufika, na sindano za tako bado ziko kwenye trei. Ameanza, ndiyo. Lakini gramu 4 za mshipa ni hatua inayofanana katika njia zote mbili, na njia zinaachana baada yake. Huyu aingie kwenye dripu moja kwa moja, hana deni lolote la nyuma. Angekuwa ameshachomwa hata tako moja, ningesema amalizie la pili na aendelee na sindano. Saa ya kubandika karatasi haituambii kitu kuhusu mwili wa mgonjwa. Tuangalie mgonjwa amefika hatua gani, na kama ameshapita pale njia zinapoachana.

Wapo wanaosema wauguzi hawawezi kupewa nafasi ya kufikiri hivi wakiwa wawili kwa wagonjwa ishirini, na kwamba kanuni moja kwa wote ni salama zaidi. Naielewa hoja hiyo, maana uchovu naujua. Ndiyo maana nataka uamuzi ufanywe na anayeandika waraka, akiwa amekaa, na si na anayeusoma akiwa amesimama na sindano. Sentensi moja inatosha: "Waliokwisha kuchomwa sindano ya tako waendelee na njia ya zamani hadi mwisho, wengine wote waanze dripu."

Ni tofauti kabisa pale sababu ya badiliko ni madhara. Mamlaka ya dawa ya Tanzania, TMDA, ikitangaza kwamba bechi fulani ya dawa iondolewe sokoni, hakuna cha kumalizia: chupa iliyotundikwa inashushwa hapo hapo hata kama imebaki robo, namba ya bechi inaandikwa kwenye faili, na mgonjwa anaanza kuangaliwa.

Kwenye karatasi ya dawa, agizo linalositishwa lipigwe mstari mmoja unaoacha maandishi yasomeke, liandikwe saa lilipositishwa na saini, na agizo jipya liwe mstari mpya chini yake. Kugeuza "IM", yaani msuli, kuwa "IV", yaani mshipa, kwa kalamu juu ya maandishi ya mwanzo ni hatari, kwa sababu zamu ya usiku haitajua dozi zipi zilitolewa kwa njia ipi. Na wakati wa kukabidhiana, kauli "tumehamia dripu" haitoshi. Itajwe kitanda kwa kitanda: kitanda cha tatu yuko kwenye sindano, ya mwisho saa 10, tako la kushoto, inayofuata saa 2, kitanda cha tano yuko kwenye dripu tangu saa 9 na robo. Muuguzi anayepokea ashike dripu, asome lebo, agonge goti, ndipo aweke saini ya kupokea.