Sikula Pesa za Harusi, Jamani

Binamu yangu anasema nimekula michango ya harusi, nikanunua pikipiki. Kabla hajaizungusha habari hiyo Bukavu nzima, acheni nisimulie mwenyewe. Pikipiki hakuna. Sijanunua pikipiki.

Mimi ndiye muhazini wa harusi ya dada. Michango naiandika kwenye faili langu la Google Sheets. Kamati inaangalia faili lingine, la ripoti, linalovuta jumla kutoka kwangu. Fomula aliiweka shemeji. Ijumaa usiku tuligombana naye juu ya bei ya mahema, nikamtoa kwenye faili langu. Nilibonyeza kwa raha, nakiri.

Jumamosi, Kadutu, sebuleni kwa Baba mukubwa. Watu kumi na tisa, Fanta zimefunguliwa, projekta ya kuazima inamulika ukuta. Nikafungua ripoti huku nikijigamba, "Mutaona wenyewe!"

Wakaona. JUMLA: 0.

Jana yake ilisoma dola 1,840. Mama mudogo aliacha kutafuna karanga. Baba mukubwa akavua miwani, akaipangusa kwa shati taratibu, akaivaa, akasogea hadi ukutani, akaigusa ile sifuri kwa kidole kana kwamba ingebanduka.

"Muhazini. Feza iko wapi?"

"Iko... kwa faili ingine, Baba."

(Msinicheke. Ndilo jibu lililokuja.)

"Hiyo faili inakaa kartie gani? Twende sasa hivi."

Nikafungua faili langu kwenye simu: michango yote imo! Basi kwa nini ukutani ni sifuri? Jasho likiniteremka mgongoni, nikabofya ile seli:

```
=SIERREUR(SOMME(IMPORTRANGE("kiungo";"Michango!D2:D48"));0)
```

Mnaona mwisho pale? Shemeji aliiagiza SIERREUR ikikuta kosa lolote iandike 0. Kosa lilikuwepo, ila limevalishwa suti. Nikaenda pembeni kwenye safu tupu, nikaandika peke yake IMPORTRANGE, ile inayovuta nambari kutoka faili langu. Ikatoka #REF!. Nikaweka kishale juu yake, kikajitokeza kitufe cha `Autoriser l'accès`.

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku ya kwanza aliyekibonyeza ni shemeji, na ruhusa hiyo inadumu mradi aliyeitoa bado anaweza kulifungua faili la chanzo. Nilipomtoa, alitoka na ufunguo mfukoni. Mimi kuwa mwenye faili hakukusaidia kitu, kwa sababu sikuwahi kuyaunganisha mafaili hayo kwa jina langu.

Nikabonyeza. Jumla ikarudi 1,840, watu wakashusha pumzi, nikaombwa radhi na wawili tu.

Ila ile IMPORTRANGE ya pembeni niliisahau. Haikuwa na SOMME, kwa hiyo ilimwaga michango yote ukutani, mmoja mmoja, kuanzia juu hadi chini. Majina hayakuwepo, nambari tupu. Baba mukubwa akazifuata kwa kidole, akasimama.

"Na huyu mwenye dola mbili ni nani?"

Binamu yangu, yule yule wa habari za pikipiki, akakumbuka ana mgeni nyumbani.