Mafuta ya futari: acha kuhesabu mara, tazama povu

Ramadhani jiko la Mwambao halipumziki. Leo sambusa, kesho bagia, keshokutwa katlesi, na Ijumaa lazima samaki. Karai ni moja, mafuta ni yale yale, na mabishano nayo hayabadiliki: yarudiwe mara ngapi? Kuna wasiotaka kuyarudia hata mara moja kwa sababu wameambiwa ni sumu. Kuna wasioyamwaga kamwe: yakipungua, huongezea. Sikubaliani na upande wowote, ila hao wa kuongezea ndio wanaonitisha zaidi.

Mafuta hayachoki kwa idadi ya mara, yanachoka kwa yale yanayoyapata ndani ya karai. Kila kitu unachokaanga kina maji. Maji hayo yakikutana na mafuta ya moto huyavunja na kuyatia asidi, na mafuta yenye asidi nyingi hutoa moshi mapema kuliko yalivyokuwa mapya. Hewa nayo huyachachua. Moto mkali na wa muda mrefu huyaunganisha yale yaliyovunjika, na hapo ndipo mafuta huwa mazito na karai huota utando wa kahawia unaonata pembeni, ule unaousugua kwa steeliwaya mpaka mkono unauma. Halafu kuna chenga: unga wa sambusa, punje za dengu, vipande vya kitunguu. Zikibaki humo zinaungua upya kila unapowasha jiko.

Nchi zilizoweka viwango kuhusu jambo hili hazikuhesabu mara pia. Ujerumani, Ufaransa na India hupima sehemu ya mafuta iliyokwisha kuharibika, na ikifika kama robo hivi, yaani asilimia 24 au 25, mafuta hayo hayaruhusiwi kukaangia. Wana kifaa cha kuchovya kinachosoma kiasi hicho. Sisi wa nyumbani tuna macho na pua, na vinatosha kabisa vikitumiwa vizuri.

Tuchukue lita 1 ya mafuta ya alizeti. Jumatatu unakaanga viazi vitupu na kaimati. Hivi vinachafua kidogo. Jumanne sambusa, na hapo unga wa manda unaanza kutulia chini. Jumatano bagia za kunde, zinazoacha chenga nyingi. Alhamisi katlesi zilizochovywa kwenye yai, na yai linalovuja hutoa nyuzinyuzi na povu. Ijumaa samaki aliyepakwa chumvi, ndimu na tangawizi, kisha mafuta hayo yameaga. Mpangilio huu si wa bahati. Kisafi hutangulia na kichafu hufuata, kwa sababu harufu ya samaki haitoki, na hakuna anayetaka kaimati yenye shombo. Ukianza na samaki siku ya kwanza, mafuta yale yabaki ya samaki, mara moja zaidi, basi.

Kwa hiyo anayetaka namba nitampa, mradi aichukue kama makadirio: viazi vitupu mara 5 au 6, sambusa kama 4, bagia na katlesi 2 au 3, samaki 2. Hiyo ni kwa mikaango mifupi, moto wa wastani, na mafuta yaliyochujwa kila mara. Karai likikaa motoni kutwa nzima kibandani, jioni ya siku ya kwanza tu yanaweza kuwa yamekwisha. Mafuta ya mawese yaliyosafishwa huvumilia zaidi kidogo kuliko alizeti ya kawaida, ambayo huchacha upesi.

Sasa hili la kuongezea. Tuseme karai lina lita 1, kila siku linapungua robo lita kasoro kidogo, tuseme mililita 200, nawe unajaza mapya. Ulianza Jumatatu, ukaongezea kila siku mpaka Jumamosi. Mtu atasema mafuta yale yamebadilika yote, maana lita nzima mpya imeingia. Hesabu inakataa: karibu theluthi moja ya mafuta ya Jumamosi bado ni ya Jumatatu, na yamechanganyika na ya Jumanne na ya Jumatano. Yaliyochakaa huharakisha kuharibika kwa mapya. Fedha uliyodhani umeiokoa umeimwaga kwenye mafuta mabovu. Bora umalize ya zamani, uoshe karai, ukaushe, ndipo uanze upya.

Kuchuja kuna adabu yake. Zima jiko, subiri mpaka mafuta yawe vuguvugu, kiasi cha kuweza kugusa ubavu wa karai kwa kidole bila kurusha mkono. Yakiwa ya moto sana yatakuunguza na kuyeyusha chombo cha plastiki, na yakipoa kabisa, hasa ya mawese, hupita kwa shida. Pitisha kwanza kwenye chujio la chai kuondoa chenga kubwa, kisha kwenye kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Kitambaa kiwe kikavu kikweli, maana maji utakayoyaingiza leo yatarusha mafuta kesho. Usikikamue, utasukuma tope lote lipite. Na yale ya mwisho kabisa chini ya karai, meusi mazito, yaache huko huko. Mafuta yaliyochujwa yakae kwenye chupa kavu yenye kifuniko, gizani, mbali na jiko. Kwenye friji ni bora zaidi, yakiganda au kupoteza uangavu si kitu, yatarudi yakipata joto.

Lakini kuchuja kunaondoa uchafu tu. Asidi na uzito havikai kwenye kitambaa. Mafuta yanaweza kutoka kwenye chujio yakimeremeta nayo yamekwisha, na mengine yakawa meusi kwa sababu ya binzari tu ilhali bado yana nguvu. Ndiyo maana rangi siipi kura ya kwanza.

Kura ya kwanza naipa povu. Tia kipande cha kiazi. Mafuta mazima hutoa mapovu makubwa yanayopasuka haraka, ni maji ya kiazi yanayotoka. Mafuta yaliyochoka hutoa povu dogo dogo la sabuni, linalopanda mpaka ukingoni na kukaa hapo hata kiazi kimetulia. Cha pili ni moshi: ukiona unafuka kabla hujatia kitu, na moto wako ni ule wa siku zote, basi. Cha tatu, inua upawa. Mafuta mazima hudondoka mepesi, mabovu huvutika na kuning'inia. Cha nne ni chakula chenyewe: nje kimeungua, ndani kibichi, na karatasi chini imelowa. Ukiona moja tu kati ya hivi kwa uwazi, usingoje ya pili.

Kuyatupa nako kusifanywe kwenye sinki, yatagandamana bombani na kuleta fundi. Yaache yapoe kabisa, yatie kwenye chupa ya plastiki iliyokwisha kazi, ifunge, iende na taka. Yakiwa kidogo, yachanganye na majivu ya mkaa au vumbi la mbao mpaka yanyonywe. Usiyamwage kwenye moto wa mkaa, na usimpe mtu wa kuuza vitafunwa eti asipoteze, kwa sababu yatarudi kwako ndani ya gazeti, yakiwa na ndimu na pilipili.