Kalori za kudumisha uzito: fomula au mzani?

"Nina miaka 34, urefu sentimita 162, kilo 72. Fomula inasema nikila kalori 1,930 nitabaki palepale, lakini mzani leo unapanda, kesho unashuka. Niamini kipi?"

Hiyo 1,930 imeanzia kwenye fomula ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990, ambayo kwa wanawake ni hii:

```
10 × kilo + 6.25 × sentimita − 5 × umri − 161
```

Kwako inatoa kama 1,400, nishati ambayo mwili ungeitumia hata ukishinda kitandani. Utata uko kwenye hatua inayofuata. Umezidisha kwa 1.375, ya mtu wa mazoezi mepesi. Ungejihesabu kuwa mtu wa mazoezi ya wastani, 1.55, ungepata kama 2,170. Kalori 240 zimetokana na neno moja ulilojichagulia, na sijui anayesimama dukani kutwa ajiweke wapi. Hata hivyo fomula inakupa pa kuanzia siku ya kwanza, siku ambayo mzani bado hauna la kusema.

Mzani nao una vituko vyake. Pilau yenye chumvi usiku, asubuhi kilo imeongezeka. Ni maji na chakula kilichoko tumboni, maana kilo ya mafuta mwilini inataka ziada ya kalori 7,700 hivi. Ndiyo maana unajipima kila asubuhi, umetoka chooni na hujanywa chai, kisha unachukua wastani wa siku saba.

Tuseme umekula kalori 1,930 kila siku, ukiandika kila mlo daftarini, na wastani wako wa kila wiki kwa wiki tano ni kilo 72.1, 71.8, 71.7, 72.0 na 71.3. Ukiishia wiki ya nne utasema hakuna kilichobadilika, kumbe hedhi ilikuwa karibu na mwili umeshika maji. Wiki ya kwanza na ya tano ziko mahali pamoja katika mzunguko, basi linganisha hizo: umepungua kilo 0.8 kwa siku 28. Gawanya upungufu huo kwa siku, kisha uongeze kwenye ulichokuwa unakula:

```
0.8 × 7700 ÷ 28 = 220
1930 + 220 = 2150
```

Mtu atapinga: je, kama mafuta ya kukaangia huyaandiki? Kijiko kimoja cha mezani ni kama kalori 120. Ukiyasahau kila siku kwa kiasi kilekile, 2,150 si matumizi halisi ya mwili wako, lakini kwa daftari lako inafaa, kwa sababu kosa limo pande zote mbili za hesabu. Kinachoiharibu ni kosa lisilo na utaratibu: wiki hii umeandika kila tonge, wiki ijayo kuna harusi mbili na daftari limefungwa.

Mimi ningeanza na fomula, kisha baada ya wiki tano ningeuachia mzani uamue. Ila nisingeruka hadi 2,150 kwa mkupuo. Ningeongeza 100, nikaangalia wiki nne nyingine. Wastani ukiendelea kushuka, ningeongeza tena.