Mama hataki tena shughuli: anachagua au anajitenga?

"Mama yetu yuko Wete, ana miaka 74. Zamani hakuna shughuli iliyompita. Sasa harusi haendi, upatu kajitoa, wageni wanamchosha. Anataka wajukuu, dada yake na shoga yake wa Mtambwe, basi. Kaka anasema ni uzee tu, tumwache. Mimi naogopa. Nani yuko sawa?"

Kaka yako ana hoja nzito kuliko anavyojua mwenyewe, kwa hiyo naanza na upande wake.

Mwaka 1961 wataalamu wawili waliofanya utafiti Marekani, Elaine Cumming na William Henry, walieleza uzee kuwa ni kuachana: mzee anaiachilia jamii, na jamii inamwachilia yeye. Miaka thelathini baadaye Laura Carstensen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikuja na maelezo mengine. Kwa maoni yake mzee haachi watu, anawachagua, na kinachomfanya achague si miaka aliyokwisha kuishi bali ile anayoona imebaki. Mwenye muda mrefu mbele huweka watu kama akiba. Hujuana na huyu kwa kuwa kesho huenda akamfaa, na huvumilia kikao cha kuchosha kwa kuwa atatoka na jambo. Muda ukionekana mfupi, akiba hiyo haina kazi kubwa tena. Mtu hutaka walio karibu na moyo wake, na hutaka saa aliyonayo iwe na maana leo hii.

Jaribio lake ni jepesi kiasi kwamba unaweza kulifanya barazani kwenu. Watu waliulizwa: una nusu saa ya nafasi, ungependa kukaa na nani kati ya mtu wa nyumbani kwenu, mwandishi wa kitabu ulichomaliza kusoma, na mtu mliyejuana karibuni mnayeelekea kupatana? Wazee walielemea kwa mtu wa nyumbani, vijana hawakuwa na upande. Kisha vijana wakaambiwa wajione wanakaribia kuhamia mbali, tena peke yao. Nao wakachagua kama wazee. Katika utafiti mwingine wazee waliambiwa wafikirie kwamba daktari kapiga simu, kuna ugunduzi mpya utakaowaongezea miaka 20 ya uzima. Ule upendeleo wao ukaondoka.

Sisi tunalijua hili bila maabara. Kijana anayesafiri kwenda Maskati wiki ijayo hatafuti marafiki wapya. Usiku wake wa mwisho utamkuta ukumbini kwao, kaegemea ukuta, anamsikiliza bibi yake hadithi aliyokwisha kuisikia mara kumi.

Hong Kong ilionyesha hivyo kwa mji mzima. Mwaka mmoja kabla ya kurudishwa China, Julai 1997, wazee ndio waliopendelea watu wa karibu. Ilipobaki miezi miwili hivi, mwisho wa zama ukaonekana karibu, hata vijana wakawa hivyo hivyo. Mwaka mmoja baada ya makabidhiano, tofauti ya vijana na wazee ikarudi.

Mpaka hapo kaka anashinda. Lakini nadharia hii ina tundu, na tundu lenyewe liko Afrika Mashariki. Katika msitu wa Kibale, Uganda, watafiti waliwafuatilia sokwe madume kwa miaka 20, na mwaka 2020 wakatoa matokeo. Sokwe wazee walikuwa na marafiki wa kweli wengi kuliko vijana, wale wanaokaa pamoja na kuchambuana manyoya kwa zamu, na ugomvi wao ulipungua. Hakuna ushahidi kwamba sokwe huhesabu miaka iliyobaki. Basi ikiwa mnyama huyo naye huchagua akizeeka, huenda sehemu ya tabia hii inatoka kwingine: kwenye nguvu zinazopungua, au kwenye utulivu wa hasira unaokuja na umri. Mimi naona hoja ya muda bado imesimama, kwa sababu majaribio yaliugeuza muda na chaguo likageuka nao. Lakini haitoshi peke yake kukwambia nini kinampata mama.

Kinachosaidia zaidi ni kutazama ni nani walioachwa. Watafiti wa Berlin waliwachunguza watu 156 wenye umri wa miaka 70 hadi 104, wakawaomba wawapange watu wao katika duara tatu: ndani wale ambao huwezi kuyafikiria maisha bila wao, kati wale wa karibu kidogo, nje wengineo. Waliozeeka zaidi walikuwa na watu wachache kwa jumla, ila waliopungua hasa ni wa nje. Wa ndani walibaki karibu idadi ile ile.

Mpange mama yako hivyo. Wenzake wa upatu na watu wa harusi za mbali ni duara la nje. Wajukuu, dada na shoga wa Mtambwe ni la ndani, na wapo wote. Sasa mtazame alasiri shoga yake anapokuja. Mama anasuka ukili, mwenzake kakaa mkekani anamchagulia miyaa, wanasimulia mambo ya chuoni walikosoma Kurani. Akicheka, akikumbusha jina, akimzuia asiondoke kabla ya chai, huyo anachagua. Lakini shoga akija naye akabaki kimya, ukili ukalala mapajani, au akasema anaumwa kichwa ili mgeni aondoke, basi duara la ndani nalo linavunjika. Hapo nadharia ya Carstensen haihusiki tena. Huo unaweza kuwa unyogovu, na unatibika; mpelekeni hospitali. Tazameni pia mwendo wa jambo lenyewe. Kuchagua huja polepole kwa miaka. Mtu aliyekata kila kitu ndani ya mwezi mmoja au miwili ana kitu kimempata.

Kuna na jambo la tatu, ambalo nyinyi wawili mmelisahau. Huenda mama angependa harusi ila mwili haumruhusu. Masikio ya uzeeni hushindwa kutenganisha maneno penye kelele, kwa hiyo mbele ya vipaza sauti vya harusi anatabasamu tu bila kusikia kitu. Magoti hayamwinui mkekani. Au anaogopa safari ndefu kwa kuwa mkojo haumngoji, na hilo hatamwambia mwanawe wa kiume hata siku moja. Muulize wewe, mkiwa wawili tu, neno moja: kama shughuli ingekuwa nyumba ya jirani, watu wachache, kuna kiti na choo karibu, ungekwenda? Akijibu ndiyo, basi hakuchagua. Amezuiwa.

Na hata kama anachagua kwa hiari na furaha, neno "tumwache" linanitisha. Duara dogo lina joto, lakini halina akiba. Mwenye watu thelathini akifiwa na mmoja ana pa kuegemea. Mama ana dada na shoga, na wote wawili umri wao ni kama wake. Mmoja akiondoka, nusu ya mazungumzo yake ya watu wazima imeondoka, na rafiki wa miaka sitini hapatikani mwingine. Nadharia haisemi mzee aachwe peke yake na hao aliowachagua. Inasema hao ndio wenye uzito, na kwa hiyo hao ndio wa kulindwa.

Kwa hiyo msimsukume arudi kwenye upatu. Shoga wa Mtambwe naye ana magoti yake, na siku moja atashindwa kupanda gari. Nauli yake ilipeni nyinyi, na siku ambazo hawezi kuja, kaka ampeleke mama.